Ng'ombe Kumi na Wawili wa Bibi wa Igalula

Dodoso lile nililitunga mwenyewe, katika chumba cha kupanga pale Kanyenye, Tabora mjini, na nililipenda kupita kiasi. Kazi ilikuwa kupima umaskini wa kaya, ili kaya zilizo chini kabisa zilipiwe bima ya afya. Umaskini hauna uzito wala urefu, kwa hiyo nikatafuta vitu vinavyoonekana: paa, sakafu, milo ya jana, umbali wa maji, mifugo. Kila kitu nikakipa alama zake. Ukijumlisha, unajua nani ana hali gani. Nilijiona fundi kweli kweli.

Tulikwenda kulijaribu katika kijiji kimoja upande wa Igalula. Mdadisi wetu mkuu alikuwa mama mmoja aliyestaafu ubwana shamba, kama alivyopenda kujitania, mzaliwa wa Nzega. Asubuhi alikusanya wanakijiji wachache, akawaomba wazipange kaya zao wenyewe, kuanzia zenye nafuu hadi zile hoi. Mchana tulipita nyumba kwa nyumba na vishikwambi. Jioni tukalinganisha orodha mbili.

Zilikubaliana karibu kote. Isipokuwa kwa wawili: mzee mmoja, ambaye sikumjali sana, na bibi mmoja mjane, mwenye mjukuu anayeumwa mara kwa mara na kulazwa. Wanakijiji walimweka bibi mwisho kabisa. Dodoso langu lilimweka juu, kwa sababu alijibu kwamba ana ng'ombe kumi na wawili. Kwa alama hizo, bima angeisikia kwa jirani.

“Wanapendeleana hawa,” nikasema. “Ng'ombe nimewaona kwa macho yangu.”

“Umewaona wamelala pale, mwanangu,” mama akasema. “Kesho twende tukamuulize bibi alilielewaje swali.”

Nilinuna. Dodoso lilitakiwa Tabora mjini kesho kutwa, na sikupenda kusahihishwa na mtu niliyemfundisha kubonyeza kishikwambi wiki iliyopita. Lakini nikaenda.

Bibi alikuwa anazoa samadi. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuacha koleo. Mama alisalimiana naye kwa Kinyamwezi, wakacheka jambo ambalo sikulijua, kisha akauliza kwa Kiswahili ili nami nisikie:

“Bibi, mjukuu akizidiwa leo, katika hawa utamuuza yupi?”

Bibi aliacha koleo.

“Nimuuze? Unataka nifukuzwe kijijini?”

Akasema hivyo tu, akarudi kwenye samadi yake. Njiani mama alinieleza. Huku mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote zizini kwake. Huwagawa kwa watu wamtunzie, ugonjwa usije ukawamaliza kwa mpigo mmoja, na macho ya watu yasimhesabie. Mtunzaji anapata maziwa na samadi, pengine ndama siku moja, na mwenye mali hatangazwi. Bibi hakutudanganya. Tulimuuliza walioko zizini, naye akatuhesabia walioko zizini.

“Basi tuulize ni wa nani,” nikasema, nikidhani sasa nimeamka.

“Ukiuliza hivyo, hakuna atakayekujibu kweli. Na huyo mwenye ng'ombe sisi hatumhitaji. Wewe unachotaka kujua ni kama mtu ana kitu cha kushika siku akibanwa, si ndivyo?”

Ndivyo. Nilikuwa nimeandika kurasa nzima kuhusu jambo hilo, na sikuwahi kulisema wazi namna ile. Niliona haya, halafu nikamstahi mno, na bado namstahi. Tulikaa kwenye benchi la mama ntilie, swali moja likawa mawili: ng'ombe wangapi wanalala hapa, na wangapi kati yao, pamoja na walioko kwingine, unaweza kuwauza bila kumuuliza mtu wa nje ya kaya hii? Alama zikawekwa kwenye jibu la pili peke yake.

Mama hakuridhika hata hapo. Tuliyajaribu maswali hayo kwa kaya nyingine kadhaa, tukamwomba kila mmoja atueleze amesikia nini. Yule mzee, ambaye zizi lake lilikuwa tupu, nami jana yake nilimpa alama za hohehahe, alikohoa, akatazama mlango, akasema anaweza kuuza “wachache walioko kwa watu.” Wanakijiji walikuwa wamemweka juu kabisa.

Tulimaliza kwa bibi. Safari hii mama aliniachia kishikwambi niulize mwenyewe.

“Wangapi wanalala hapa, bibi?”

“Kumi na wawili.”

“Na wangapi unaweza kuwauza bila kumuuliza mtu?”

Mjukuu alikuwa amelala kwenye mkeka nyuma yake, amefunikwa khanga mbili mchana wa jua kali. Bibi alimgeukia kwanza, kisha akanijibu.

“Hakuna, mwanangu.”

Nikaandika sifuri. Maisha yangu yote sijawahi kuandika tarakimu kwa furaha kama ile.