Si Ungenikumbusha?

Nakumbuka Jumatatu moja, mwanangu Zuhura, uvumilivu ulinitoka langoni pa shule yenu hapa Likoni. Mwalimu mkuu alikuwa ameniahidi Jumamosi saa nne asubuhi, tuzungumze juu ya nafasi yako ya darasa la kwanza, kwani orodha ingefungwa Ijumaa inayofuata. Nilikaa barazani pa shule na mdogo wako mapajani hadi adhuhuri. Hakuja. Jumatatu nikamkuta, akacheka.

"Aa, mama Zuhura! Wallahi nilisahau. Si ungenikumbusha? Njoo tu siku yoyote, inshallah."

Siku yoyote! Na orodha yafungwa Ijumaa!

Kusahau si dhambi. Mimi mwenyewe nilimsahau Bi Mwanaisha, mkunga wa Mtongwe, nilipokuwa na mimba yako. Aliningoja kunipima tangu saa tatu, mie niko harusini napakwa hina. Kesho yake alfajiri nikaenda kwake kwa miguu, sikutuma mtu.

"Shikamoo, Bi. Jana nilikusahau. Nilikuwa harusini. Nimekupotezea asubuhi yako, naomba radhi."

"Marahaba. Afadhali hukusema waumwa, ningekupa dawa chungu uinywe hapa hapa."

"Naweza kuja kesho saa tatu, au Alhamisi saa kumi alasiri. Kama zote hazikufai, nipe saa yako."

"Alhamisi. Na hiyo hina isikusahaulishe tena."

"Nitafika kabla ya saa, Bi."

Saa tisa na nusu Alhamisi nilikuwa mlangoni pake. Akaniambia, "Sasa nimekuwia radhi." Ujue, mwanangu: radhi hakunipa nilipoiomba, alinipa nilipofika.

Basi ukimsahau mtu, nenda mwenyewe, upesi. Sema "nimesahau," usiongeze "lakini." Taja ulichomharibia. Usimtwike yeye kazi ya kukukumbusha. Mpe siku na saa, si "baada ya alasiri" inayovutwa hadi magharibi. Mwache achague, maana zamu ya kungoja ni yako. Na usimfiche Mungu nyuma ya uvivu wako. "Inshallah" ya kweli mtu huisema huku amekwisha kujiandaa. Mola akujaalie ulimi usioona haya kukiri kosa, na miguu inayofika.

Mwalimu mkuu hakuyajua hayo, na kusoma amesoma kunishinda. Siku ile ile nikaandika barua, nikampelekea mwenyekiti wa kamati ya shule, nikasimama mpaka akatia sahihi kuwa ameipokea:

"Bwana Mwenyekiti, nashitaki kwamba Mwalimu Mkuu alinipa miadi ya Jumamosi saa nne, hakutokea, hakuomba radhi, wala hakutaja saa nyingine. Binti yangu asipoteze nafasi kwa usahaulifu wa mtu mzima. Nataka nafasi yake ihifadhiwe. Nitakuwa shuleni Jumatano saa mbili asubuhi au Alhamisi saa tisa alasiri. Mwalimu achague, aandike, na safari hii aje. Ni mimi, mama yake Zuhura."