Jirani wa Kizibo

Hasira zangu ziko karibu. Mama aliniambia tangu nikiwa mdogo kwamba siku moja zitanitia aibu. Alipofariki aliniachia medali yake ya Bikira Maria, ndogo kama ukucha wa kidole gumba, imesuguliwa na vidole mpaka sura imefutika. Mtu mwenye busara angeivaa shingoni. Mimi niliiweka kwenye sinia la darasani.

Nafundisha darasa la pili huku Kagoma. Watoto wa miaka saba wanatazama ubao bila kuuona. Ukiuliza ulichoandika sekunde mbili zilizopita, wanakukodolea macho. Nikaanza mchezo wa sinia. Nawaita kumi kumi kwenye mkeka, wengine wanabaki wakiandika. Wanatazama vitu kwa dakika moja, nafunika kwa kitambaa, wanataja walivyokumbuka. Tulianza na vitu sita, na nilipoona wamezoea nikaongeza kimoja kimoja mpaka kumi na viwili: kijiko, kizibo cha soda, punje ya kahawa, kiberiti kitupu, kifungo, ufunguo, kipande cha sabuni, chaki, gamba la konokono wa ziwani, betri ya redio, kibonge cha uzi, na medali. Niliwafundisha na ujanja wake. Kwanza kitaje kila kitu kwa sauti. Halafu kitafutie jirani. "Kila kitu kina jirani," niliwaambia. "Ukimsahau mmoja, mwulize jirani yake."

Kulikuwa na msichana aliyeletwa kutoka visiwani, ambako baba yake alikuwa mvuvi. Aliishi kwa shangazi yake, muuza dagaa pale sokoni. Miezi miwili ya kwanza hakufungua mdomo. Shangazi aliniambia waziwazi: "Mwalimu, baba yake amenipa mpaka shule ifungwe. Asiposhika kusoma, anarudi kisiwani kuanika dagaa." Ofisini walimu wenzangu walishakata tamaa. Mmoja alisema watoto wa visiwani wana vichwa vizito na mikono myepesi. Nilicheka, na kicheko kile kinanisumbua mpaka leo.

Sinia ndilo lililomfungua. Siku ya kwanza alitaja vitu viwili kwa kunong'ona. Wiki ya tatu alitaja tisa, na kila alipokwama nilimwona akigusa hewa kwa kidole, akitafuta jirani. Punde akaanza kuzishika na herufi, kwa ujanja uleule. Alisoma neno "kisiwa" ubaoni, mwenyewe, bila kusaidiwa. Nilifurahi jamani, nikampa kipande cha muwa mbele ya wote.

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua, nimevaa koti langu la mtumba. Tulikuwa kwenye raundi ngumu: watoto wanaziba macho, naondoa kitu, wanafungua, wanasema kipi hakipo. Watoto walikuwa wameziba macho, nami nimeshanyanyua kitambaa, wakati mwalimu mkuu alipogonga mlango na kuniita. Alitaka orodha ya mahudhurio, akaitaka kwa maneno nisiyoyapenda, nami nikamjibu kwa maneno asiyoyapenda. Niliporudi nilikuwa bado nabishana naye kichwani. Nikawaambia wazibe macho tena, nikaondoa kijiko.

"Kijiko!" walipiga kelele wote.

Yeye alinyoosha mkono. "Na medali, Mwalimu."

"Leo ni kimoja tu," nilimwambia. "Kijiko."

"Na medali. Ilikuwa jirani wa kizibo. Kizibo kimebaki peke yake."

Nikatazama. Medali haikuwepo. Niliinua sinia, nikakung'uta kitambaa, nikapapasa mkeka. Nilitia mkono kwenye mifuko ya koti, huu na huu, hakuna kitu. Ilikuwa medali ya mama na hakuna duka inakouzwa. Na hapo kichwa changu, kilichojaa maneno ya mwalimu mkuu, kikapiga hesabu ya kijinga kuliko zote nilizowahi kupiga: watoto tisa hawakujua kama imeondoka. Mmoja tu ndiye aliyejua. Atajuaje kama siye aliyeichukua?

"Iko wapi?"

"Sijui, Mwalimu. Nimeona tu haipo."

"Umeonaje wewe peke yako?"

Angejibu nini? Nilikuwa nimemfundisha mimi mwenyewe kuona. Nilimwaga mkoba wake sakafuni: daftari moja, penseli iliyotafunwa, kiazi cha kuchemsha kwenye mfuko wa nailoni. Nikamgeuza mifuko. Nikamsimamisha pembeni mpaka kengele ya kutoka, na darasa zima likimtazama. Kesho yake walimwita mwizi, na sikuwakemea vya kutosha.

Hakunyoosha mkono tena. Kwenye mkeka alitazama sinia na kusema hakumbuki kitu, hata kijiko. Wiki mbili baadaye hakuja, na shangazi yake hakuja kutoa taarifa. Nami sikumfuata. Nilijiambia mtoto mwizi amekimbia aibu. Hasira, hasara, methali hiyo nawaandikisha watoto kila mwaka kwa mwandiko mzuri.

Likizo nilikwenda Bukoba, nikapeleka lile koti kwa fundi cherehani sokoni, maana bitana ilikuwa imechanika. Fundi aliligeuza, akaingiza vidole chini kabisa kwenye pindo, akatoa kitu, akakiweka juu ya meza ya cherehani.

"Mama, usije ukasema fundi nimekuibia."

Nililia pale pale, mbele ya wateja. Mfuko ulikuwa umetoboka. Kabla ya kuitwa mlangoni nilikuwa nimeshaiondoa medali na kuitia mfukoni, nayo ikazama kwenye bitana. Ugomvi ule ulinifutia kila kitu. Mwalimu wa kumbukumbu, loo!

Nilirudi Kagoma nikaenda moja kwa moja kwa shangazi. Alikuwa amekaa nyuma ya fungu lake la dagaa. Niliiweka medali mkononi mwake, nikamweleza yote, nikamwomba msamaha. Aliigeuza geuza, akanirudishia.

"Ee waitu, jamani Mwalimu," alisema. "Yule alijua iliko."

"Alijua?"

"Siku ileile aliniambia. Mwalimu mkuu alipogonga, watoto walifungua macho wakamtazama yeye. Huyu wetu alitazama mkono wako ukitoka kwenye koti. Akasema, shangazi, iko kwenye koti lake, niliogopa kumwambia. Alitaka kuja kukwambia asubuhi."

"Kwa nini hakuja?"

"Nilimkataza. Nikamwambia mtoto hawezi kumwambia mwalimu kwamba mwizi ni yeye. Nikamwambia, mwalimu ametia mkono mfukoni mbele ya watu, hakuna kitu, wewe umeota. Nikamchapa." Alianza kupanga dagaa wake upya. "Baba yake alipokuja alikuta hasomi, haongei. Akamchukua."

Nikasema nitamfuata kisiwani, hata kesho. Akatikisa kichwa. Ndugu yake, baba wa mtoto, alikuwa amehama na mtumbwi, anafuata samaki, simu yake haipatikani, na kisiwa alichokwenda hakukitaja. Nimeuliza kwa wavuvi na wachuuzi wa samaki mara nyingi tangu hapo. Wananiuliza mtoto mwenyewe yukoje, nami naona aibu, kwa sababu naikumbuka vizuri penseli iliyotafunwa kuliko sura yake.

Sinia bado ninalo. Kila nikiondoa kitu na watoto wakifungua macho, kabla sijawauliza chochote nageuza mifuko yangu yote nje, mbele yao. Wanacheka sana. Wanadhani ni sehemu ya mchezo.