Bao Nililolijua Kabla Halijafungwa

Kosa langu la kipumbavu ni hili: nilikubali kuwahutubia mashabiki wenzangu kuhusu kubeti, huku mkeka wangu mwenyewe, yaani tiketi yangu ya dau, ukiwa hai kwenye simu mfukoni.

Mimi si mtu wa kutembea. Mke wangu husema nikifika getini nimesafiri. Safari yangu ya pekee ni ya Jumamosi, kwenda ukumbi wa mpira nyuma ya duka la mama mmoja hapa Kathonzweni, mahali tunapokalia mabenchi yaliyobanwa na magunia ya ndengu. Na safari hiyo ilikuwa karibu kufutwa. Wiki iliyotangulia, mashabiki wawili wa timu moja walishikana mashati kwa sababu mmoja wao alishangilia kona ya wapinzani. Alikuwa amebetia idadi ya kona. Mama huyo mwenye ukumbi akatuambia tukigombana tena anazima skrini kabisa na kuweka mashine ya kusaga. Kisha akanitazama mimi, kwa vile nina nywele nyeupe na niliwahi kumaliza kidato cha nne, akasema wakati wa mapumziko nizungumze na watu dakika kumi.

Mkeka wangu ulikuwa wa mechi saba. Sita zilikuwa zimeingia tangu Ijumaa. Ya saba ndiyo hii tuliyokuwa tukiitazama, timu yangu ya tangu ujana, na nilikuwa nimeweka kwamba mabao hayatazidi mawili. Mapumziko yalifika tukiwa sare, bao moja kwa moja. Bao lingine lolote, la upande wowote, na mkeka unachanika.

Nikasimama. Nikawaambia kwamba zamani bao moja tulilila mpaka Jumatano, tukibishana nani alikosea kukaba. Siku hizi mtu ana mechi nane kwa simu, nne za nchi ambazo hawezi kuzionyesha kwenye ramani, na hajatazama hata moja. Nikakubali kwamba ukibeti hata mechi mbovu inakuwa na moto. Ila moto huo si wa mpira, na ukiuzoea, mechi isiyo na pesa inakuwa kama chai bila sukari.

Nikawapigia hesabu. Ukirusha sarafu, malipo ya haki ni mara mbili ya ulichoweka. Kampuni itakulipa moja nukta nane tano tu badala ya mbili, kile kidogo ikibaki nacho. Ukiunganisha mechi nane, odds, yaani viwango vya malipo, zinazidishana, na kile kidogo kinazidishana nazo. Ndiyo maana wanakupenda zaidi mkeka ukiwa mrefu.

Walinisikiliza, jambo lililoniongezea jasho. Mmoja akauliza kwa nyuma, "Na wewe mzee, ulikuwa unabeti?"

Nikasema niliacha. Hivyo hivyo, bila kumeza mate.

Kipindi cha pili kilikuwa mateso. Timu yangu ilishambulia kama imetumwa, na kila mpira ukikaribia lango la wapinzani nilikuwa naomba kimoyomoyo upae juu. Winga wetu mdogo, ambaye nimemsifu hapo kwa misimu miwili, alibaki na kipa, akapiga nje. Benchi zima lilishika vichwa. Mimi nilipumua. Nikajiona kama mchawi ameketi katikati ya familia.

Dakika ya themanini na tano nilitoa simu, nikaificha kwenye kofia yangu. Pesa ambayo kampuni hukulipa ukijitoa kabla mechi haijaisha ilikuwa imepanda kila dakika isiyo na bao. Kidole kilikuwa tayari. Nikajiambia nisubiri kidogo ipande tena. Kibonyezo cha kujitoa kikajifunga ghafla.

Sasa, picha ya skrini yetu hutoka setilaiti, na huchelewa sekunde kadhaa. Simu haichelewi hivyo. Kwenye skrini mpira ulikuwa bado katikati ya uwanja, wenzangu wametulia, na kwenye kofia yangu iliandikwa mbili kwa moja.

"Ai, hapana!" nikasema, kwa sauti ya mtu aliyepigiwa simu ya msiba.

Vichwa vikageuka, kisha vikarudi kwenye skrini. Halafu, mbele ya macho ya wote isipokuwa yangu yaliyokuwa bado ndani ya kofia, winga yule yule akafunga. Watu waliruka, lakini shangwe ilikatika njiani, kwa maana walishaelewa kilichonitoa sauti. Yule aliyeniuliza swali akaanza kucheka. Yule aliyemshika mwenzake shati wiki iliyotangulia kwa ajili ya kona hakucheka. Alisimama, na nikadhani shati langu ndilo la leo.

Mama akamwahi. Akachukua rimoti, akaishikilia muda mrefu sana, kisha akasema skrini haizimi, ila kuanzia Jumamosi ijayo hakuna simu inayopita mlango wake, na yangu ndiyo ya kwanza kukaa kwenye karai.

Nikaketi. Jirani yangu wa shamba, tunayegawana naye ua, aliyekuwa bega kwa bega nami muda huo wote, akanigeukia.

"Mimi nimelipa shilingi hamsini za mlangoni na bao nimeliona," akasema. "Wewe umelipa zaidi, umelijua mapema, na hujaliona."