Dola Hamsini na Tisa za Papa

Papa, baba yangu, anafanya kazi Isangi, kwenye mradi mdogo wa visima. Sheria ya mradi ni kwamba mtu haachi kituo chake mpaka ripoti ya matumizi ikubaliwe. Jumamosi asubuhi kulikuwa na baleniere, mashua kubwa ya mbao inayopanda mto mpaka kwetu Kisangani, na mimi nilitaka papa awe ndani. Nilishaosha kikombe chake mara mbili, ingawa hakuna aliyekinywea.

Ripoti alinitumia, pamoja na risiti, kwa picha za simu. Ijumaa nikaipeleka kwa mhasibu wa ofisi ya mjini, ambaye sisi tunamwita tonton, yaani mjomba. Naogopa kusema mbele ya watu, donc basi nilisimama tu mlangoni.

"Ingia, mutoto. Hapa hakuna mamba." Akasoma. "Dola makumi tano na tisa. Papa yako alizipata wapi?"

"Kwa risiti, tonton."

"Risiti iko ya franka. Angalia: pirogi, mutumbwi ya kukodi, elfu makumi tatu na tano, anaandika dola kumi na tatu. Kila mustari anapandisha mpaka dola nzima, kama mama wa soko mwenye hana chenji."

"Isangi hakuna mutu anarudisha chenji ya dola," nikasema polepole. Nilitaka kumtetea.

Tonton akacheka. "Bon, ile iko hesabu ya soko, haiko ya ripoti. Na hapa kwa kulala, ametumia kiwango alichosikia huko, franka 2.750 kwa dola. Lakini dola alizibadilisha hapa, zote siku moja, kwa 2.800. Karatasi ya mbadilishaji hii. Franka zilizotoka hapo zote zinafuata kiwango hicho."

Akanipa kiti na kikokotoo. Nikajumlisha franka kwanza: 35.000 za pirogi, 64.000 za mafuta, 50.000 za kulala, 10.000 za chakula. Jumla 159.000. Nikagawa kwa 2.800 mara moja, nikazungusha senti mwisho kabisa tu: dola 56,79.

"Hivyo," akasema tonton. "Lakini jumla imebadilika, donc papa yako lazima atie sahihi upya, atume picha. Sahihi yake siwezi kumutilia."

Nikampigia papa. Simu haikushika. Nikatuma ujumbe wenye 56,79, nikakaa ofisini mpaka tonton alipofunga dirisha.

Jibu likafika Jumamosi, wakati mama anageuza pondu, majani ya muhogo, kwenye jiko. Picha ya karatasi, sahihi ya papa, ile yenye mkia mrefu. Nikamtumia tonton, akakubali ripoti papo hapo. Chini ya picha papa aliandika, akiniita kama kawaida yake: "Asante, mama yangu. Mutandao umerudi sasa. Mashua imeshapita, naiona bado kwenye kona ya mto."

Mama akauliza kama aandae sahani ya nne, ya papa. Nikamwambia hapana, tuko watatu, pamoja na mdogo wangu. Kikombe nimekirudisha kabatini, lakini mbele, mahali mkono unafika haraka.