Shati la Mfano

Mwezi wa Rajabu, mwaka 1973, nilifiwa na mume wangu. Alikuwa fundi cherehani hapa Bagamoyo. Mimi nilisoma hadi darasa la nne, na ushoni nilijifunza kwake: kwanza vifungo na pindo, mwishowe nikawa nakata mwenyewe.

Nilikaa eda kwa mama mkwe, na cherehani ikaletwa huko. Wenye mirathi walikubaliana kuningoja. Eda ikiisha kabla sijapata kazi ya kueleweka, cherehani iuzwe, kila mtu apewe fungu lake. Sikuwalaumu.

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, alikuwa akipeleka samaki kutoka Mlingotini hadi hoteli moja ya ufukweni, njia ya Dar es Salaam. Siku moja alirudi akasema, "Shemeji, wahudumu wa kule sare zao zimekuwa matambara. Meneja anatafuta fundi."

Nikachukua karatasi. Kila vazi nililiandikia bei mbili, moja kwa kitambaa changu, nyingine kwa kitambaa chao. Nikaeleza muda nitakaohitaji, na kwamba nitaomba nusu ya malipo mwanzoni ili ninunue drili, kitambaa kigumu cha sare.

"Usiandike kuwa kaka amefariki," shemeji alisema. "Andika 'sisi mafundi'."

"Akija kuwaona, mafundi nitawatoa wapi?"

"Mwambie wameenda kuswali."

Mama mkwe alicheka hadi akashika mbavu, mara ya kwanza tangu msiba. Niliandika ukweli: fundi amefariki, anayeshona ni mkewe.

Nilituma mashati mawili ya mfano, yaliyoshonwa sawasawa. Moja lilikuwa jipya. La pili nililifua kwa maji ya moto na kulipiga pasi mara nyingi, kwa sababu nguo ya hoteli haipumziki, na meneja alikuwa na haki ya kujua litakavyokuwa baadaye.

Shemeji aliporudi alianza kusimulia hata viatu hajavua.

"Ameyavuta mishono! Ameyageuza ndani nje! Lile lililofuliwa ndilo lililompendeza, anasema kola haikukunjamana. Halafu akawavisha wahudumu."

"Ikawaje?"

"Wakapotea humo ndani, shemeji. Mmoja kaambiwa ameazima kanzu ya babu yake. Limemkaa mpishi tu, kama amepimwa."

Wakati wa kukata sikuwa nimeshika futi, mikono ilikwenda yenyewe. Mashati yote mawili nilikuwa nimeyakata kwa kipimo cha mume wangu.

Mama mkwe alinitazama, akaniletea maji.

Meneja hakuniandikia barua, alituma maneno: kazi ni nzuri, lakini sare isiyokaa mwilini haitaki. Fundi aje mwenyewe Jumamosi apime watu wote, asipokuja kazi atampa fundi wa mjini. Alikuwa mtu wa bara, hakujua habari za eda.

"Niende mimi nikapime," shemeji alisema.

"Wewe hata suruali yako umeifunga kwa kamba ya nyavu," mama yake akamjibu. "Utampima mtu kifua umlete kiuno."

Nilifikiri sana. Halafu nikakumbuka wateja wetu wa Saadani. Hawakuwa wakija dukani kupimwa, walimpa mtu wa safari nguo moja inayowakaa vizuri, nasi tukakata kwa kuifuata. Nikaandika barua ya pili: niko eda, sitoki wala sionani na wanaume wageni, lakini kila mhudumu alete shati na suruali inayomkaa, jina lake libandikwe kwa pini. Nitashona moja kwanza kwa kila mtu. Asiyeridhika, nitamrekebishia bila malipo.

Shemeji aliondoka nayo na samaki wake. Jumamosi ikafika, na hadi adhuhuri hakuna aliyebisha hodi. Nilishona mto wa kitanda usiohitajika na mtu, ili tu miguu ipate kazi ya kukanyaga cherehani.

Baada ya adhuhuri gari la hoteli lilisimama nje, dereva akashuka. Mama mkwe akatoka barazani, mimi nikabaki ndani ya pazia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta nini?"

"Nguo za vipimo, na bahasha ya kununulia kitambaa. Meneja anasema fundi aanze na wahudumu, wakipendeza wafuate wa jikoni. Ila mpishi hakukubali kuachwa nyuma."

Gunia liliingizwa ndani. Nilikaa chini nikatoa nguo moja moja, nikicheka peke yangu kama mtoto siku ya Idi. Chini kabisa nikalikuta shati langu la mfano, lile lililofuliwa. Jina la mpishi lilikuwa limebandikwa kifuani.

"Huyo kasema kipimo chake ni hicho hicho," dereva alisema kutoka nje.

Drili iliponunuliwa, niliitandika sakafuni. Nikalilaza lile shati juu yake, nikalinyoosha mabega, nikachukua chaki, nikaanza na hilo.