Mshona Suti na Runinga Iliyochelewa

Mimi ni mtu wa kutembeatembea, na nikichoka huketi kwa fundi wa runinga, yule tunayemwita Bisibisi kwa wembamba wake. Siku ile aliniambia, "Mzee, twende kwa mshona suti. Nibebee kisanduku."

Mshona suti alikuwa amesimamisha kazi miezi miwili. Mkasi ulikuwa umemponyoka mkononi mara mbili, kitambaa cha mtu kikaharibika. Alikuwa akijipima mikono kwa mashine ya gemu ya ujana wao, ile aliyochezea na marehemu kaka yake. Runinga yao ya kichogo ilikuwa imekufa, akanunua bapa. Sasa kila shimo kwenye gemu alitumbukia.

"Si mikono yangu, fundi," alisema kabla hatujaketi. "Nikibonyeza, yule mtu wa kwenye gemu anaruka baadaye. Ukinithibitishia hilo, Jumatatu nafungua duka."

Bisibisi akachungulia nyuma ya runinga. "Hapa una haki, kaka. Huu waya wa njano unaleta picha ya zamani, runinga inakaa kwanza kuitafakari kama mkwe anayeletewa posa."

Akauchomoa, akaweka waya unaotenganisha rangi, akaupitisha kwenye kisanduku. Kisanduku hicho hukuza picha mstari kwa mstari bila kungoja picha nzima ijae, kisha huipeleka kwenye runinga kwa waya wa HDMI. Akashika rimoti, akawasha hali ya gemu, ili runinga iache kuipamba picha.

Mshona suti akacheza. Akatumbukia.

"Bado inachelewa!"

Bisibisi akaguna, akatazama tena rimoti, akajipiga paji la uso. "Nimewasha hali ya gemu, kisha nikahamisha waya tundu la pili. Runinga hii hukumbuka kila tundu kivyake. Mjinga mimi." Akaiwasha upya. Akanipa simu nirekodi kwa mwendo wa polepole, kidole na kioo cha runinga pamoja. Akabonyeza. Tukahesabu: mtu aliruka karibu pale pale.

"Sasa ni wewe na gemu tu," alisema, na nikamwona akijuta kulisema.

Mshona suti alishika padi kwa mikono miwili. Shimo la kwanza akatumbukia. La kwanza tena. Mara ya tano kidole gumba kilikuwa kinatetemeka juu ya kitufe, na mtu kwenye kioo alikuwa ameshaanguka.

"Labda waya haujakaza," Bisibisi akanong'ona.

"Usinidanganye, mdogo wangu. Umeitengeneza vizuri."

Hakulia. Aliweka padi mezani taratibu, akachukua simu, akampigia dada yake: "Zile suti za bwana harusi, mpelekee fundi mwingine. Hapana, nguo hazina shida."

Bisibisi alikunja nyaya zake, hakuthubutu kumtazama. Njiani nilimbebea kisanduku chake.