Saa Tatu Asubuhi, Wakati wa Mavuno

Mimi shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo msitegemee niandike kama mwalimu. Mjukuu wangu amenipa daftari akasema, babu, hayo unayoyarudia kila siku yaandike tupumzike. Haya, nayaandika. Lakini kupumzika hamtapumzika, kwa sababu jambo lenyewe bado linaniudhi, na linaloniudhi zaidi ni mimi mwenyewe.

Tuna shamba la zabibu huku Makutupora, mimi na mdogo wangu. Si kubwa. Mimi ndiye msemaji na yeye ndiye mkono. Kupogoa mzabibu ni kazi ya mkono wenye akili: ukikata jicho la chipukizi lisilofaa kukatwa, mwaka mzima unavuna majani. Watu walikuwa wanamwita kutoka mashamba ya mbali akawapogolee, na anapita na mkasi wake kwenye mistari kama kinyozi, anaongea na mizabibu huku anakata. Mimi hata leo nikipogoa, mti unalalamika.

Sasa huyu mdogo wangu alikuwa mnywaji. Siwafichi. Ukikaa kwenye zabibu, mvinyo wa kienyeji haukuombi ruhusa. Alikunywa miaka mingi, shemeji yangu akavumilia mpaka akaisha uvumilivu, halafu mwaka juzi akaokoka. Akaacha kabisa. Kanisani wakamsimamisha mbele atoe ushuhuda, akalia, na mimi nikalia, ingawa mimi huwa nasema nilikuwa na mafua. Tangu hapo familia nzima tukawa tunamlinda kama yai. Tunamnusa. Akichelewa kurudi tunamnusa. Aibu yake ilikuwa imegeuka ya ukoo.

Ilikuwa mavuno. Tulianza kukata alfajiri kabla jua halijachoma, maana zabibu iliyokatwa kwenye joto haifiki kiwandani na heshima yake. Saa mbili na nusu tulikunywa chai pamoja. Alikuwa mzima kabisa, ananitania.

"Kaka, kreti zako mbili toka alfajiri. Unakata au unaziombea?"

Nikamwambia mkubwa huwa anasimamia. Tukacheka, tukarudi kwenye mistari.

Saa tatu nikasikia mkasi umeanguka. Najua ilikuwa saa tatu kwa sababu redio ya kibarua mmoja ndiyo ilikuwa inaanza taarifa ya habari. Nikageuka. Mdogo wangu amesimama, anautazama mkasi chini kama kitu cha mtu mwingine. Akainama kuuokota kwa mkono wa kulia, vidole havikushika. Akajaribu tena. Nikamuuliza, vipi? Akanijibu, lakini maneno yalitoka yamelainika, yanaburuzana, kama ya mtu aliyekunywa toka jana. Na mdomo upande mmoja ulikuwa umelegea.

Vibarua wakaanza kucheka. Mmoja akasema, "Mlokole leo kapitia kwenye pipa." Mwingine akasema, "Roho imeshuka, lakini ya chupa."

Na mimi, kaka yake, niliyekula naye sahani moja toka utotoni, nilifanya nini? Nilimsogelea nikamnusa. Hakunuka kitu. Ndugu msomaji, hakunuka kitu kabisa, ila jasho na majani. Nikajiambia huyu amekuwa mjanja, amejifunza kuficha harufu. Mtu akishaamua, hata pua yake haimsaidii.

Nikamshika kiunoni nikampeleka kwenye kibanda cha kuhifadhia kreti. Mguu wake wa kulia ulikuwa unaburuza. Nikamlaza juu ya magunia. Akawa ananishika shati kwa mkono wa kushoto, ananivuta, anataka kuniambia jambo. Nikambandua. Nikamwambia, "Lala. Lala zikutoke kabla mchungaji hajapita. Umetuaibisha." Nikatengeneza chai ya rangi yenye ndimu nyingi, ile tunayowapa walevi, nikamnywesha. Ikamtoka pembeni mwa mdomo, akapaliwa, akakohoa sana. Nilidhani ananitemea kwa kiburi. Nikafunga mlango kwa nje.

Nikaenda kuvuna. Nimeandika hivyo nikaweka kalamu chini, nikaenda kuangalia mbuzi, nimerudi.

Saa sita akaja mama mmoja, mhudumu wa afya wa kijiji chetu. Hawa ni wale wanaopita nyumba kwa nyumba na begi mgongoni, wanaulizia watoto na vyandarua. Mama huyu alikuja kununua zabibu, hakuja kwa kazi. Akasalimia, "Shikamoo mzee," nikaitika. Akauliza mdogo wangu yuko wapi. Nikasema amelala. Kibarua yule wa pipa akacheka, akasema, "Amelala kwa lazima. Anaongea kama ana kiazi mdomoni, na mkono umekataa kazi."

Mama yule aliacha mfuko wa zabibu chini. "Mkono umekataaje?"

"Ulevi tu, mama," nikasema.

"Mzee, ulevi haukamati mkono mmoja. Nifungulie."

Nikafungua. Mdogo wangu alikuwa macho, amejikojolea, anatutazama. Mama akapiga magoti mbele yake. Akamwambia, "Baba, nionyeshe meno, cheka." Upande wa kushoto ukacheka, wa kulia ukakaa. Akamwambia, "Inua mikono yote miwili, funga macho, ishikilie hapo." Wa kushoto ukakaa juu. Wa kulia ulipanda kidogo ukashuka wenyewe, polepole, kama tawi lenye mzigo. Akamwambia, "Sema: leo tunavuna zabibu." Sitaandika alivyosema. Haiandikiki.

"Hiki ni kiharusi," mama akasema. "Damu haifiki sehemu ya ubongo. Dalili moja tu kati ya hizi, ikija ghafla, ilitosha kumkimbiza hospitali. Imeanza saa ngapi?"

Hapo ndipo nilipodanganya. Vibarua walikuwa mlangoni wanasikiliza. Nikasema, "Saa tano hivi."

Kibarua mmoja alinitazama. Akarudi kwenye kreti zake. Mimi ndiye ninayemlipa.

Shemeji yangu alifika mbio, akataka kumpa maji, mama akamzuia: asipewe maji, wala chai, wala kidonge chochote, koo limelegea, kitaingia mapafuni. Nikakumbuka chai yangu ya ndimu. Yupo aliyesema aitwe mzee mmoja wa kuchanja chale. Yupo aliyesema ni pepo, wakusanyike wamwombee. Mama akasema, "Ombeni mkiwa kwenye gari."

Gari lilikuwa moja, pikapu ya kubeba zabibu, na kreti zimeshapangwa mpaka juu. Dereva akasema zabibu zikishinda juani zimekwisha, na kiwandani kuna foleni. Basi tukasimama hapo tunabishana kuhusu zabibu, mtu amelazwa kwenye magunia. Mama akapanda mwenyewe juu ya pikapu akaanza kushusha kreti moja moja, kitenge kimefungwa kiunoni. Ndipo tukapata haya tukamsaidia. Mpaka gari linaondoka ilikuwa imepita saa saba.

Nilitaka tupitie zahanati, ndivyo tulivyozoea, huwezi kuruka zahanati. Mama akasema zahanati hawana picha ya kichwa, tutapoteza muda tukisubiri karatasi ya rufaa. Akapiga simu hospitali kubwa mjini, akawaambia tunakuja na mtu wa kiharusi, kimeanza saa tano. Njia nzima alimlaza ubavu, kichwa kimeinuliwa kidogo, anamwongelesha. Lami ya kutoka kwetu mpaka Dodoma siyo safari ndefu. Ndiyo inayoniuma. Kama tungeondoka saa tatu na nusu, saa nne tungekuwa pale mlangoni.

Tulifika saa nane kasoro. Walitusubiri kweli. Wakamtoboa kidole kupima sukari, kwa sababu sukari ikishuka nayo inaweza kumfanya mtu hivyo. Wakapima presha, ilikuwa juu, na sikujua kama ana presha, wala yeye hakujua. Sisi mtu akiwa anatembea ni mzima. Wakampitisha kwenye mashine ya picha ya kichwa. Saa nane na nusu daktari akanitoa pembeni. Kijana, lakini mpole.

"Mzee wangu, kwenye picha hakuna damu iliyomwagika. Inaonekana mshipa umezibwa na bonge la damu. Ipo dawa ya kuliyeyusha. Ila dawa hiyo ina masaa yake. Tunahesabu toka dalili zilipoanza, mpaka masaa manne na nusu. Ukichelewa, inaweza kumwaga damu ndani ya kichwa ikamuua. Umesema saa tano. Kwa hesabu hiyo tuko ndani ya muda, na wenzangu wanaitayarisha. Una uhakika?"

Shemeji alikuwa amesimama karibu yangu. Yule mama naye.

Nilihesabu kwa vidole nyuma ya mgongo. Darasa la tatu linatosha kuhesabu saa tatu mpaka saa nane na nusu. Nikaona nikisema kweli, dawa anaikosa, na shemeji anajua. Nikiendelea na uongo, anaipata, na huenda nikamuua kwa aibu yangu.

"Ni saa tatu," nikasema. "Saa tatu asubuhi. Nilidhani kalewa. Nilimfungia."

Daktari akashusha pumzi. Akaniuliza mara mbili kama ni saa tatu kweli, nikamwambia habari ya redio. Akaenda kuwaambia wenzake waache. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Shemeji alinigeukia akasema maneno machache tu. "Alikuwa ameacha, shemeji. Ulijua ameacha." Akaingia ndani kwa mumewe.

Wakamlaza. Wakamjaribu kumeza kwa kijiko kabla ya kumpa chochote. Wakampa dawa nyingine, hizo za kuzuia lisije bonge jingine, na baadaye za presha, ambazo ni za kila siku mpaka mwisho. Daktari alisema hata bila ile dawa, kufika hospitali kumemsaidia, na mazoezi yatamrudishia kiasi. Kiasi gani, hakusema. Nilimuuliza kila siku, kila siku hakusema.

Sasa hivi anatembea na fimbo. Maneno yanakuja, mafupi, na yakigoma anapiga meza. Watu wa kanisani walikuja na sukari na sabuni, wakamwambia ashukuru. Mmoja akaninong'oneza, hivi kweli hakuwa amekunywa? Nilimtoa nje kwa maneno ambayo mjukuu hatayaacha humu.

Shamba napogoa mimi, na linaonekana. Asubuhi nakwenda kwake kumnyoosha vidole kama dada wa mazoezi wa pale hospitali alivyotufundisha, kimoja kimoja, kufungua na kufunga. Halafu anavaa shati. Vifungo viwili anafunga mwenyewe kwa mkono wa kulia. Cha tatu kinamshinda, kinateleza, anaanza upya, jasho linamtoka. Nikinyoosha mkono kumsaidia anaupiga. Kwa hiyo nakaa pale kwenye kigoda, mikono yangu yote miwili mizima imelala mapajani, namtazama anavyohangaika na kifungo, na hakuna anayetuharakisha.